Kitambaa cha Babu kilisema nini hasa?

Wazazi wengi mnaosoma ukurasa huu mna kitu kama hiki nyumbani: kitambaa kilichotariziwa, ubao uliochomwa maandishi, au karatasi ndani ya fremu, chenye aya ya dini kwa lugha ambayo hakuna anayeisoma ndani ya nyumba. Kiko ukutani tangu enzi za bibi. Kinafutwa vumbi wakati wa sikukuu, kinarudishwa kwenye msumari wake. Halafu siku moja mtoto anauliza, "Pale pameandikwa nini?" Mtu mzima mmojawapo anamjibu, na jibu lile ndilo mtoto anakua nalo.

Katika ukoo wetu jibu la namna hiyo lilikaribia kumkatisha mtoto dawa.

Kitambaa chenyewe kiko sebuleni kwa Bibi, mama yake mama yangu, kule Mgeta, upande wa magharibi wa milima ya Uluguru. Ni kitambaa cheupe ambacho sasa kimekuwa rangi ya chai ya maziwa, kimetariziwa kwa uzi mwekundu, na maandishi yake ni ya Kijerumani. Babu alifanya kazi ya msaidizi wa wauguzi katika hospitali ya misheni, mbali na Morogoro, na muuguzi mmoja wa Kijerumani alipokuwa anastaafu kurudi kwao alimwachia kitambaa hicho kama zawadi. Babu alipostaafu naye, alirudi nacho mlimani, na baada ya kufa kwake kikabaki pale kilipo.

Mwaka huu Bibi alitaka maneno yake yaandikwe kwa Kiswahili kwenye ubao, utundikwe chini ya kitambaa, ili wajukuu na vitukuu wajue babu yao alitundika nini. Mjomba akapiga picha kwa simu, akaituma kwenye kundi la ukoo la wasapu. Mdogo wangu wa kiume, ambaye amesomea kuongoza watalii na anajua Kijerumani cha kumkaribisha mgeni, akajibu ndani ya dakika chache. Tafsiri yake ilikuwa fupi, na iliishia kwa maneno mawili: "daktari wako." Yaani kitambaa kinasema Mungu ni daktari wako.

Mama mkubwa akaandika chini yake, "Basi tumeambiwa. Daktari ni mmoja."

Kwa mtu wa nje hilo lingekuwa jambo la kusema amina na kuendelea. Lakini sisi ndani ya kundi tulijua anamsema nani. Mjukuu wake, mtoto wa miaka 5, ana kifafa. Anatumia fenobabitoni kila siku, na wakati huo alikuwa amemaliza miezi 8 bila kuanguka. Mama mkubwa alikuwa anasema kwa muda mrefu kwamba mtoto amepona, kwamba kumpeleka kliniki mjini kila mwezi ni kukosa imani, na nauli nayo si haba. Sasa alikuwa amepata ushahidi uliotariziwa kwa uzi mwekundu, tena kutoka kwa marehemu Babu mwenyewe. Usiku huo mama wa mtoto, ambaye kwangu ni dada ingawa ni binamu, alinipigia. Dawa ilikuwa imebaki ya siku tatu. Akaniuliza, "Mdogo wangu, wewe unaandika mambo ya afya. Kitambaa kinasema hivyo kweli?"

Upande wa dawa nilimjibu palepale, kwa sababu huo haukuhitaji utafiti. Mtoto asiyeanguka kwa sababu anakunywa dawa ya kifafa bado hajathibitika kuwa amepona. Dawa ndiyo inayozuia. Ikikatwa ghafla, degedege linaweza kurudi kwa nguvu kuliko mwanzo na likachukua muda mrefu bila kukatika, na hilo linaweza kuua. Madaktari wanaanza kufikiria kuiondoa baada ya mtoto kukaa kama miaka miwili bila kuanguka, na hata hapo wanaipunguza kidogo kidogo kwa wiki na miezi. Miezi 8 si miaka miwili. Nikamwomba aende kuchukua dawa kesho yake, maneno ya kitambaa tutayashughulikia.

Lakini swali lake lilikuwa kuhusu kitambaa, naye alistahili kujibiwa hilo aliloliuliza. Nilichukua wiki mbili, nikisaidiwa na watu wanaojua kuliko mimi.

Jambo la kwanza lilikuwa picha. Mjomba aliipiga usiku, kwa tochi ya simu, akiwa amesimama pembeni, kwa hiyo katikati kulikuwa na weupe wa mwanga na kona ya chini kulia ilikuwa imekatwa. Nilimwomba apige tena: asubuhi, mlango ukiwa wazi, bila tochi, asimame mbele kabisa, simu iwe sawa na kitambaa, na pembe zote nne zionekane. Kisha apige nyingine ya karibu kwa kila mstari. Mjomba alicheka akasema nataka kukipigia kitambaa picha ya pasipoti. Alituma picha 5.

Hiyo kona iliyokatwa ndiyo ilikuwa na ufunguo. Kulikuwa na namba 2 na nukta, neno Mose, kisha 15, mkato, na 26. Mdogo wangu hakuwa ameiona kwa kuwa haikuwamo kwenye picha ya kwanza. Alitafsiri kitambaa kama mtu anayetafsiri msemo, kumbe ilikuwa aya ya Biblia. Hizo ni kazi mbili tofauti, na nitaeleza kwa nini.

Maandishi yenyewe nayo yana mtego. Vitambaa vya Kijerumani vya zamani mara nyingi vina herufi za kale zenye pembe kali. A yake kubwa inafanana na U, S ndogo ya katikati ya neno inafanana na F, K ndogo inafanana na T, na Z ndogo ina mkia kama namba 3. Neno la daktari kwa Kijerumani lina herufi nne, A, R, Z na T, na kwenye kitambaa chetu mtu asiyezoea angeweza kusoma U badala ya A akabaki na neno lisilokuwapo. Mdogo wangu alilisoma sawa. Kwa upande wa Kijerumani hakukosea hata kidogo, na namtetea hapa kwa sababu kundi zima lilimgeukia baadaye.

Sasa ile rejea. "2. Mose" si Musa wa pili. Wajerumani wanaofuata Biblia ya Luther wanavitaja vitabu vitano vya mwanzo kama vitabu vya Musa, cha kwanza hadi cha tano. Cha kwanza ni Mwanzo, cha pili ni Kutoka, cha tatu ni Mambo ya Walawi, cha nne ni Hesabu, na cha tano ni Kumbukumbu la Torati. Na mahali sisi tunapoweka nukta mbili kati ya sura na aya, wao wanaweka mkato. Kwa hiyo kitambaa kilikuwa kinatuelekeza Kutoka 15:26.

Hapa naomba wenye vitambaa vya Zaburi wasikilize vizuri. Hesabu ya aya si lazima ilingane. Katika Biblia za Kijerumani kichwa cha zaburi, yale maneno yanayotaja mwimbishaji na mwandishi, kinahesabiwa kama aya. Katika Biblia nyingi za Kiswahili hakihesabiwi. Kwa mfano aya maarufu ya kuomba moyo safi katika Zaburi ya 51 ni ya 12 kwa Kijerumani na ya 10 kwa Kiswahili, kwa sababu kichwa cha zaburi hiyo kimechukua nafasi ya aya mbili. Ukifungua namba iliyoandikwa na maneno yakakataa kuoana na kitambaa, usilazimishe. Rudi nyuma aya moja au mbili, usome. Na kama kitambaa kimetoka kwenye kanisa Katoliki la zamani, hata namba ya zaburi yenyewe inaweza kuwa imepungua kwa moja.

Kutoka haina tatizo hilo katika sura ya 15. Nilimwomba Bibi afungue Biblia yake, ile yenye jalada jeusi, ya tafsiri ya Muungano iliyotoka kamili mwaka 1952. Alisoma kwa simu, polepole, na miwani ya Mjomba. Aya ilikuwa ndefu. Ina masharti kadhaa, inataja maradhi ya Wamisri, na mwisho kabisa ndipo inapofika kwenye maneno ya kitambaa. Aliyetarizi alichukua mkia wa aya tu. Na katika mkia huo, mahali Kijerumani kinaposema "daktari", Biblia ya Bibi haina neno daktari. Ina neno moja refu: "nikuponyaye."

Bibi akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Hili ninalijua. Tunaliimba."

Hiyo ndiyo tofauti ya kutafsiri msemo na kutafsiri aya. Msemo unaweza kuutafuta kwa maneno yako mwenyewe, ukikubalika umekubalika. Aya ina maneno yake ambayo tayari yamo vinywani mwa watu. Yamesomwa kanisani, yameimbwa, yameandikwa makaburini. Ukija na maneno mapya, hata yakiwa sahihi, msikilizaji anadhani ni aya nyingine. Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Bibi, ambaye amekaa na kitambaa hicho ukutani zaidi ya miaka 30 na aya yake kichwani tangu usichana, hakutambua kwamba ni kitu kimoja aliposomewa "daktari wako".

Na hayo maneno yaliyozoeleka hayakuokotwa. Krapf alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili akiwa Mombasa mwaka 1844. Baada yake palikuwa na tafsiri ya Unguja na tafsiri ya Mombasa, kila moja kwa lahaja yake, na watu wa bara na pwani hawakuwa wakisoma maneno yale yale. Tafsiri ya Muungano ilifanywa kwa makusudi ya kumaliza hilo, ikachukua miaka mingi ya watu kukaa na kubishana juu ya neno mojamoja. Baadaye, katika miaka ya 1990, ikakamilika Biblia Habari Njema, yenye Kiswahili cha kawaida zaidi, ambayo Wakatoliki na Waprotestanti walishirikiana. Mtu anayechagua maneno ya ubao anachagua kutoka kwenye kazi hiyo, na anayechagua vizuri anaangalia nyumba husika inasoma ipi. Ya Muungano inatumia "Bwana", Habari Njema inatumia "Mwenyezi-Mungu". Kwa Bibi ilikuwa ya Muungano, bila mjadala.

Lakini bado palikuwa na swali ambalo Mama mkubwa angeuliza, na aliuliza: kwani nani kakosea, Mjerumani au Mswahili? Mmoja anasema daktari, mwingine anasema mwenye kuponya. Labda Waswahili wameficha?

Nilimpelekea swali hilo mchungaji mmoja mstaafu anayeishi Kihonda, ambaye alisoma Kiebrania chuoni na bado ana madaftari yake. Alinikaribisha kwa chai, akanionyesha. Kiebrania kina neno moja pale, linalotamkwa rofe, na ni neno lenye miguu miwili. Ni tendo, mtu anayeponya sasa hivi. Na ni jina la kazi, tabibu. Katika Mwanzo sura ya 50, waliopewa kazi ya kuupaka dawa mwili wa Yakobo wanaitwa kwa neno hilohilo. Mfasiri lazima achague mguu mmoja. Luther, aliyemaliza Biblia yake ya Kijerumani mwaka 1534, alichagua jina la kazi. Wafasiri wa Kiyunani wa kale, karne nyingi kabla yake, walichagua tendo. Wafasiri wetu wa Kiswahili nao walichagua tendo. Hakuna aliyekosea wala aliyeficha.

"Tatizo linakuja," mchungaji alisema, "mtu anapotafsiri uchaguzi wa Luther badala ya kutafsiri aya."

Nilimwomba aeleze. Akasema daktari wa Luther aliingia kwenye Kijerumani miaka karibu mia tano iliyopita, na Mjerumani anaposoma neno hilo kwenye aya ile analisikia likiwa na uzito wa kanisa. Ukilibeba likiwa limekauka hivyo ukaliweka kwenye Kiswahili cha leo, linakuwa daktari wa leo, mwenye koti jeupe, foleni na kadi ya bima. Na mtu mwenye daktari wake haendi kwa daktari mwingine. Maneno "daktari wako" yanaleta ushindani ambao neno "nikuponyaye" haliuleti. Anayeponya anaponya. Haijatajwa kwa njia gani, wala haijakatazwa njia yoyote.

Nikamuuliza kwa utani, je, tungeandika mganga? Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Hebu fikiria hapa kwetu. Mganga Mkuu wa Mkoa ni daktari wa Serikali mwenye ofisi na muhuri. Mganga aliyebandika tangazo kwenye nguzo ya umeme ni mtu mwingine kabisa. Neno moja, milango miwili. Tabibu lingekuwa neno la heshima zaidi, na ndilo Biblia ya Muungano inalotumia kwa Luka, lakini wafasiri hawakuliweka katika Kutoka 15:26, na si kazi ya ukoo wetu kuwasahihishia kwa ajili ya ubao mmoja.

Halafu akanirudisha kwenye habari yenyewe. Waisraeli wamefika Mara, maji ni machungu, hayanyweki. Musa anaonyeshwa mti, anautupa majini, maji yanakuwa matamu. Ndipo yanakuja maneno ya aya ya 26. "Hata hapo," alisema, "palikuwa na mti." Hakuongeza neno.

Nilipoleta maelezo hayo kwenye kundi, mambo yaligeuka kwa namna ambayo sikuitegemea. Mjomba, ambaye kwa mila zetu za Kiluguru ndiye mwenye sauti juu ya watoto wa dada zake, alinipigia faragha. Akasema, sasa tumalize kabisa. Kwenye ubao tuandike kwamba Mungu anaponya kwa mikono ya madaktari. Mama mkubwa akisoma hivyo kila akija, hataleta tena maneno. Dada yangu naye aliniomba vivyo hivyo, huku analia. Mtoto ni wake.

Nakiri nilivutwa. Mimi ni mwandishi wa afya, na sentensi hiyo ningeweza kuitetea mbele ya mtu yeyote. Lakini haimo kwenye aya. Mama mkubwa alikuwa ameongeza "mmoja", sisi tulitaka kuongeza "kwa mikono ya madaktari". Yeye anaitaka aya imzuie mtoto asiende kliniki, sisi tunaitaka impeleke. Tofauti ni kwamba sisi tulikuwa na haki kuhusu dawa. Kuhusu maandiko tungekuwa sawa naye. Na ipo sababu ya kawaida kabisa pia: Mama mkubwa anasoma Biblia kuliko sisi wote. Siku atakayofungua Kutoka 15 na kukosa maneno ya ubao, atajua tumemdanganya, na kuanzia siku hiyo hata tukimwambia ukweli kuhusu kifafa hatausikia.

Nilimwambia Mjomba: kwenye ubao tuweke aya kama ilivyo. Mambo ya dawa tuyaseme kwa midomo yetu, tukiwa tumekaa naye.

Ubao ulitengenezwa na fundi seremala wa Mji Mpya, wa mti wa mninga. Nilimpa maneno yakiwa yameandikwa kwenye karatasi kwa herufi zilizotengana, nikamwomba achore kwanza kwa penseli kabla ya kuchoma kwa chuma cha moto. Nilipokwenda kukagua, neno lilikuwa limeandikwa "nikuponaye". Y moja imeanguka. Kwenye ubao ni herufi moja, kwenye maana ni kitu kingine: kupona ni kwa mgonjwa, kuponya ni kwa anayemtibu. Fundi aliifuta akaandika upya, kisha akapendekeza tuweke "ninayekuponya" kwa kuwa ndiyo watu wanavyosema siku hizi. Nilimshukuru, nikamwomba abaki na lile la zamani. Maana ni ileile, lakini Bibi haimbi "ninayekuponya".

Chini ya maneno tuliandika kwa herufi ndogo: Kutoka 15:26, sehemu ya mwisho. Hayo maneno matatu ya mwisho yana kazi. Yanamwambia msomaji kwamba aya ina mwanzo, na akitaka kuujua afungue mwenyewe. Nyuma ya ubao nikaandika kwa kalamu ya wino jina la tafsiri tuliyotumia, kitambaa kilitoka kwa nani, na mwaka, ili anayekuja asianze kubahatisha upya.

Tulipokwenda kuutundika Mgeta, Mjomba alimweka Mama mkubwa akae karibu na Bibi, na hakuna aliyemhubiria. Dada yangu alieleza jinsi dawa inavyofanya kazi na kwa nini daktari anataka miaka miwili. Mama mkubwa akasema yeye hakatai dawa, anakataa watu kumsahau Mungu. Bibi ndiye aliyejibu, bila kupandisha sauti. Alisema mume wake alilala chini ya kitambaa hicho miaka yote waliyokaa hospitalini, na kila asubuhi aliamka, akakitazama, akaenda wodini kugawa vidonge.

Sisemi Mama mkubwa alibadilika siku hiyo. Alisema, "Haya," akaomba chai. Lakini mwezi uliofuata ni yeye aliyempeleka mtoto kliniki, kwa sababu mama yake alikuwa na mazao ya kupeleka sokoni.

Baada ya hapo jamaa wa upande wa baba, ambao ni Waislamu wa Kinole, waliniletea picha yao: fremu yenye maandishi ya Kiarabu yaliyopindwa na kupandishana kama mapambo. Walitaka niwafanyie kama nilivyofanya kwa Bibi. Sikuweza, na hata ningeweza isingekuwa njia. Kwanza, maandishi ya namna hiyo yanapanga herufi kwa uzuri, si kwa mfuatano, na anayeyasoma kwa uhakika ni yule ambaye tayari ameihifadhi aya. Waliipeleka kwa ustadhi wao, akaitambua mara moja: sura ya Ash-Shuaraa, aya ya 80, ambayo nimeiona pia kwenye kuta za maduka ya dawa. Ni maneno ya Nabii Ibrahimu kuhusu maradhi na shifaa. Pili, kwao Kiarabu ndicho Kurani, na Kiswahili ni tafsiri ya maana, kwa hiyo Kiswahili hakiwekwi mahali pa Kiarabu, kinawekwa chini yake. Ustadhi aliwapa maneno kutoka kwenye tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, iliyotoka kamili mwaka 1969, akawaambia waandike jina la mfasiri na namba ya sura na aya. Dini ni nyingine, lakini uangalifu ni uleule.

Kwa hiyo ndugu mzazi, kama mtoto wako amekuuliza kuhusu kilichoandikwa ukutani, kishushe au kipige picha mchana, pembe zote nne zikionekana, na kwanza tafuta namba kwenye kona. Ukizipata, fungua kitabu ambacho nyumba yenu inasoma, usome aya nzima, siyo kipande kilichotariziwa tu. Usipozipata, mpelekee picha padri, mchungaji au ustadhi kabla ya kumpelekea kijana anayejua lugha. Na maneno ya kitambaa yakitofautiana na ya kitabu chenu, uliza kwa nini kabla ya kuchagua upande.

Na kama mtoto anatumia dawa ya kifafa, mpe leo kwa saa yake ya kawaida. Akianguka, mlaze kwa ubavu, usimtie kitu mdomoni, na degedege likipita dakika 5, mkimbize hospitali.